Kusogeza nafasi yako ya chuo kikuu cha Québec kutoka automne hadi hiver: barua pepe ya kuandika

*Jambo Mwalimu. Mimi ni Furaha, niko Himbi, Goma. Chuo kikuu kimoja cha Québec kimenikubali kusoma uzamili wa afya ya jamii, kuanzia automne 2026. Masomo yanaanza tarehe 31 Agosti. CAQ yangu, yaani cheti cha serikali ya Québec cha kunikubali kusoma kule, imetoka tarehe 10 Julai kwa sababu benki ya mjomba anayenilipia ilifungwa hapa Goma, ikabidi atafute hati za pesa upya akiwa Kampala. Tarehe 14 Julai nimetuma maombi ya kibali cha masomo, na alama za vidole nitatoa Kampala tarehe 12 Agosti. Sitawahi. Nimeanza kuandika hivi: « J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute bienveillance vous informer que je ne pourrai pas venir en septembre suite à la situation sécuritaire. Je viendrai dès que possible. » Je, itoshe hivyo? Sipendi kupoteza nafasi.*

Furaha, dada yangu, usiitume hiyo. Kifaransa chake hakina kosa. Taabu ni kwamba karani wa ofisi ya udahili akiisoma atakuelewa kinyume, na nafasi unayotaka kuilinda anaweza kuifunga mwenyewe kwa nia njema kabisa.

Jiweke kwenye kiti chake. Mwezi wa Julai na Agosti anapokea kila siku barua za watu wa aina mbili: wanaosema hawaji tena, na wanaosema watakuja baadaye. Wa kwanza anawatoa kwenye orodha ili nafasi ipewe mtu mwingine. Wa pili anawahamishia muhula mwingine. Sentensi yako, « je ne pourrai pas venir en septembre », ni ya watu wa aina ya kwanza. Hiyo « je viendrai dès que possible » haimsaidii, kwa sababu kwenye kompyuta yake hakuna muhula unaoitwa hivyo. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa barua yako useme mambo mawili pamoja: kwamba nafasi bado unaitaka, na kwamba unaomba ihamishiwe muhula fulani unaotajwa kwa jina. Tumia kitenzi « reporter » au jina lake « report ». Epuka « annuler », « me désister », « renoncer » na « retirer ma demande », hata kama unamaanisha automne peke yake, kwa sababu hayo yote yanasomeka kama kujitoa.

Kuhusu « haute bienveillance »: huo ni mtindo tuliofundishwa kwa ajili ya kumwandikia gavana au mkuu wa ofisi hapa kwetu, na hapa kwetu ni heshima kweli. Québec hawautumii. Karani wa kule anaandikiwa « Bonjour, » halafu shida inaelezwa mara moja, na mwishoni « Cordialement, ». Hatakuona huna adabu. Atashukuru kwamba hakulazimika kuvuka mistari minne kabla ya kujua unataka nini.

Sasa sababu. Najua kwa nini umeandika « situation sécuritaire ». Mji ulipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango, na kila mtu wa Goma tangu hapo ana haki ya kusema hivyo. Lakini kwa ombi hili sababu hiyo ni pana mno. Msomaji wa Québec hawezi kuipima, wala haimwambii itaisha lini. Anaweza hata kujiuliza kama Januari hali itakuwa tofauti, na kama jibu ni hapana, kwa nini akuhifadhie nafasi? Wewe unayo sababu nyembamba na yenye nguvu zaidi: kibali hakitatoka kabla ya tarehe 31 Agosti. Ina tarehe, ina karatasi, na inaonyesha kwamba kazi yako umeifanya na unangoja serikali. Vyuo vya kule huipokea kila mwaka kutoka kwa wanafunzi wa nje. Habari ya benki ya mjomba iache kabisa, isipokuwa wakikuuliza kwa nini CAQ ilichelewa. Hapo utajibu kwa sentensi moja.

Sehemu inayohitaji kufikiriwa zaidi ni tarehe mpya, na hapa watu wengi hukosea kwa haraka ya kuandika « janvier ».

Vyuo vya Québec vina mihula mitatu. Automne huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, hiver huanza mwanzoni mwa Januari, na été huanza karibu na Mei. Université de Montréal na UQAM huuita muhula « trimestre », Université Laval huuita « session ». Fungua barua yako ya kukubaliwa, tazama wameandika lipi, nawe andika hilohilo pamoja na mwaka. Kumbuka pia kwamba hiver ya mwaka huu wa masomo ni hiver 2027, wala si hiver 2026. Ukikosea mwaka, unaomba kuanza muhula uliokwisha pita.

Halafu ingia kwenye ukurasa wa programu yako kwenye tovuti ya chuo, utafute mahali panapoeleza mihula ya kuingilia. Programu nyingi za uzamili hupokea wanafunzi wapya automne tu, kwa sababu kozi za msingi hufundishwa mara moja kwa mwaka. Ukiomba hiver kwa programu ya namna hiyo, jibu litakuwa hapana, na mara nyingine hapana hiyo huja bila kukwambia kwamba ungeweza kuomba automne 2027. Ukikuta ukurasa unataja « automne » na « hiver », omba hiver 2027. Ukikuta « automne » peke yake, omba automne 2027. Usiombe zote mbili pamoja kwa kusema chochote watakachoona kinafaa. Barua yenye tarehe mbili haiwezi kukubaliwa kwa kubonyeza mara moja, kwa hiyo inawekwa pembeni ingoje mtu wa kukuuliza.

Kwa upande wako, hiver 2027 ni tarehe ya busara endapo programu inairuhusu. Maombi yamekwisha ingia, na alama za vidole ukitoa tarehe 12 Agosti utakuwa bado ndani ya siku 30 ambazo barua ya maelekezo ya biometria hutoa. Kuanzia hapo hadi mwanzo wa Desemba, wakati ambapo ungetaka kukata tiketi, kuna karibu miezi minne. Kama ungekuwa hujatuma maombi ya kibali bado, ningekushauri usogeze mwaka mzima badala ya kuomba Januari kisha kuomba tena. Ombi la pili la kusogeza hukataliwa kwa urahisi kuliko la kwanza, na vyuo vingine haviliruhusu kabisa.

Hii hapa barua, kwa kudhani umekuta hiver imo. Weka maelezo yako mahali penye mabano ya mraba, na kama barua yako ya kukubaliwa inasema « session », badilisha.

```
Objet : Demande de report d'admission à l'hiver 2027 –
[NOM, prénom] – dossier [numéro]

Bonjour,

J'ai été admise à la maîtrise en santé publique pour le
trimestre d'automne 2026. Je souhaite conserver mon
admission et je demande son report au trimestre
d'hiver 2027.

Mon CAQ a été délivré le 10 juillet 2026 et j'ai déposé
ma demande de permis d'études le 14 juillet. Mon
rendez-vous de biométrie est fixé au 12 août, à Kampala.
Ces délais ne me permettent pas d'arriver pour le début
des cours, le 31 août.

Si le report est accordé, pourriez-vous m'envoyer une
nouvelle lettre d'admission indiquant la nouvelle date de
début et la date limite d'arrivée, et me dire si mon
dépôt est conservé ?

Pièces jointes : lettre d'admission, CAQ, accusé de
réception du permis, convocation de biométrie.

Cordialement,
[Prénom NOM]
[date de naissance] – [téléphone]
```

Kifaransa chake ni chepesi makusudi. Hakuna sentensi inayoomba huruma, na hakuna inayohitaji kusomwa mara mbili. Tazama jinsi aya ya pili inavyokwenda: tarehe, tarehe, tarehe, kisha hitimisho. Msomaji anaona mwenyewe kwa nini unaomba « report », bila wewe kusisitiza. Aya ya tatu ndiyo watu husahau, na kwa mtu mwenye maombi ya kibali yanayosubiri ndiyo ya thamani zaidi. Nitaeleza hivi karibuni. Kama hukulipa amana yoyote, futa sehemu ya « dépôt ».

Itume kutoka kwenye anwani ileile ya barua pepe uliyotumia kuomba nafasi, si ya mjomba wala ya saiba. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Sisi tuna majina matatu, na chuo mara nyingi kimesajili mawili tu au kimeyageuza. Ukiandika post-nom mahali pa jina, wakati mwingine dosiye haionekani. Namba ya dosiye kwenye kichwa cha barua ndiyo inayokuokoa hapo. Viambatisho viwe PDF, kila hati na faili yake yenye jina linaloeleweka, kama `CAQ_NOM.pdf`. Picha nane za simu zenye majina ya tarakimu hufunguliwa mwisho, kama zitafunguliwa.

Nani umpelekee? Ofisi ya udahili au ya msajili, ambayo kule huandikwa « Bureau du registraire » au « Service de l'admission ». Anwani yake huwa kwenye barua yako. Profesa hana mamlaka ya kubadilisha muhula, ila kama uzamili wako ni wa utafiti na una mwalimu aliyekubali kukusimamia, mwandikie yeye kwanza kwa mistari michache, kisha umweke kwenye nakala. Pia, kabla ya kutuma, ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi kwenye tovuti yao utafute kama kuna fomu ya « report ». Ikiwepo, ijaze hiyo, na barua pepe hii iwe nyongeza yake ikitaja siku uliyojaza. Mahali penye fomu, barua pepe peke yake hujibiwa kwa kukurudisha kwenye fomu, na wewe unakuwa umepoteza wiki.

Saa nazo zina maana. Wakati wa kiangazi cha kule, Goma iko mbele ya Montréal kwa saa 6. Saa tatu asubuhi kwao ni saa tisa alasiri kwetu. Ukituma mchana wetu, barua inakuwa juu kwenye orodha wanapofungua ofisi. Usingoje mwezi wa nane. Kadiri tarehe 31 Agosti inavyokaribia ndivyo ofisi inavyofurika, na ombi linalofika baada ya masomo kuanza hushughulikiwa kama la mtu ambaye hakutokea.

Kama tayari umejichagulia kozi za automne kwenye akaunti yako, zifute wewe mwenyewe kabla ya tarehe ya mwisho ya kufuta bila kulipa. Kukubaliwa na kuandikishwa kwenye kozi ni mambo mawili kwenye mfumo wao. Nafasi inaweza kuhamia hiver huku kozi tatu za automne zikibaki na jina lako, na bili ya minerval ikakujia Goma kwa masomo ambayo hukukanyaga.

Ukishatuma, utapata jibu la mashine linalosema wamepokea. Hilo halimaanishi umekubaliwa. Hata jibu la mtu likisema « votre demande est transmise », bado hujakubaliwa. Umekubaliwa pale unapoona barua mpya ya kukubaliwa yenye hiver 2027, au akaunti yako inapoonyesha muhula huo. Zikipita siku kumi za kazi bila jibu, rudi kwenye barua ileile uliyotuma, bonyeza kujibu ili historia ibaki chini, na andika hivi tu:

```
Bonjour,

Je me permets de vous relancer au sujet de ma demande de
report à l'hiver 2027, envoyée le [date]. Avez-vous besoin
d'un autre document de ma part ?

Cordialement,
```

Sasa ile aya ya tatu. Tangu tarehe 1 Desemba 2023, idara ya uhamiaji ya Kanada, yaani IRCC, inapopokea maombi ya kibali cha masomo huuliza chuo moja kwa moja kama barua ya kukubaliwa ni ya kweli na bado inasimama. Chuo kina siku 10 za kujibu. Maombi yako uliyotuma tarehe 14 Julai yana barua ya automne ndani yake. Chuo kikikusogeza hadi hiver na wewe ukakaa kimya, afisa atakuwa mbele ya barua inayosema uanze tarehe 31 Agosti, ilhali chuo kinajua habari nyingine. Hata bila hilo, barua ya zamani ina tarehe ya mwisho ya kufika, na afisa akifungua dosiye yako Oktoba ataona tarehe hiyo imepita. Huo ni mlango wa kukataliwa ambao hauhusiani kabisa na pesa zako wala masomo yako.

Kwa hiyo siku barua mpya inapofika, ipeleke IRCC kupitia fomu yao ya mtandaoni inayoitwa « formulaire Web d'IRCC », ukiweka namba ya maombi na sentensi moja: kwamba kuanza kwako kumesogezwa hadi hiver 2027 na barua mpya imeambatishwa. Maombi ya kibali usiyafute, wala usitume mengine mapya. Na kama kibali kitatoka ghafla tarehe 25 Agosti baada ya chuo kukusogeza, usikimbilie ndege. Nafasi yako ya automne haipo tena, na mpakani wataomba barua ya kukubaliwa waone unaanza lini.

Chukua CAQ yako pia, uangalie tarehe zake mbili. Ukianza Januari, bado itakuwa na muda mwingi mbele. Ukilazimika kwenda automne 2027, mwaka mzima utakuwa umeliwa, na itakubidi kuiongeza kabla ya kumaliza uzamili. Ni vizuri kulijua hilo mapema, kwa sababu kuongeza kunadai hati za pesa tena, na hati hizo ndizo zilizokuchelewesha safari hii. Mwambie mjomba asifunge ile akaunti ya Kampala.

Kama una bursari au punguzo la ada kutoka chuoni, au umeshika chumba kwenye nyumba za wanafunzi, usidhani vitakufuata. Kila kimoja kina ofisi yake, na ofisi ya udahili haiwaarifu kwa niaba yako. Waandikie kando baada ya kupata barua mpya, uiambatishe. Chumba ndicho chenye haraka zaidi, kwa kuwa mkataba wake huanza kuhesabu kodi hata ukiwa bado Himbi.

Na wakikataa? Hutokea, hasa kwenye programu zenye nafasi chache, na kukataa kusogeza hakumaanishi wamekuona hufai. Waulize swali moja: kama ukiomba upya kwa muhula unaofuata, hati zako zilizomo zitatumika tena au itabidi uzitume zote na kulipa ada ya maombi upya? Jibu lao ndilo litakaloamua kama unarudi kwao au unatafuta chuo kingine. Lakini jua kwamba nafasi mpya huleta barua mpya ya kukubaliwa, na kwa chuo kingine, maombi ya kibali uliyotuma Julai hayatakufaa tena.

Barua hii ni ya Kifaransa kwa sababu chuo chako kilikuandikia Kifaransa. Msomaji mwingine wa Goma aliyekubaliwa Kampala au Nairobi ataandika Kiingereza, kwa mpangilio huohuo. Aliyekubaliwa Ubelgiji au Ufaransa asome kwanza barua yake vizuri: huko nafasi kwa kawaida hutolewa kwa mwaka mmoja wa masomo tu, na mara nyingi hakuna cha kusogeza bali kuomba tena mwaka unaofuata.